Rekodi moja, hadhira nne: namna ya kuyagawa mahojiano marefu na kulipwa na watu wachache

Katika mwongozo huu nitatumia kazi moja tu tangu mwanzo hadi mwisho: mahojiano ya dakika 42 na mama mmoja wa Kibaha anayefuga kuku chotara, tuliyoyarekodi bandani kwake siku aliyopokea vifaranga 300. Mada ni malezi ya kifaranga kuanzia siku ya kwanza hadi wiki ya nne. Ni mada finyu, na hiyo ndiyo sababu ya kuichagua, kwa kuwa video ya namna hii haitazamwi na mamilioni, lakini wanaoitafuta wana shida inayowagharimu fedha usiku huohuo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoamua hatua zote zinazofuata. Ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo ya video ndefu, chaneli yako inatakiwa kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000; ikiwa kila mtazamaji anakaa dakika nane, unahitaji kutazamwa mara 30,000 kabla ya kuanza kuhesabiwa senti ya kwanza. Njia nyingine ni video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, jambo ambalo mada ya vifaranga haiwezi. Hata ukishapita hapo, fedha hazitoki mpaka zifike dola 100. Kwa upande mwingine, watu 60 wakinunua kijitabu cha shilingi 5,000 umepata shilingi 300,000, nao watu 60 hawahitaji chaneli kubwa. Kwa hiyo katika mpango huu majukwaa ni mabango ya barabarani, na duka liko kwenye namba ya WhatsApp. Matangazo ya YouTube yakija baadaye yatakuwa nyongeza.

Kabla ya kuwasha kamera

Kosa la wengi ni kurekodi kwanza, kisha kuanza kutafuta vipande. Rekodi inayokusudiwa kugawanywa huulizwa maswali kwa namna yake. Mwombe mzungumzaji aanze kila jibu kwa kulirudia swali ndani ya jibu lake. Ukimuuliza, “Unajuaje kwamba vifaranga wana baridi?” naye akajibu, “Wanajikusanya,” kipande hicho hakina mwanzo, na hakuna uhariri utakaokiokoa. Akijibu, “Vifaranga wakiwa na baridi utawakuta wamerundikana chini ya jiko, wanalialia,” umepata sekunde kumi zinazosimama peke yake popote pale. Mama wa Kibaha alilisahau jambo hili mara tatu mwanzoni, na mara zote tulirudia. Haikuchukua hata dakika tano.

Acha pia kimya cha sekunde mbili kati ya jibu na swali linalofuata, ili mkasi uwe na pa kupita. Kama simu yako inarekodi kwa ukubwa wa 4K, itumie hivyo, maana ukikata picha ya wima kutoka kwenye picha ya mlalo unabaki na chini ya theluthi moja ya upana wake; picha ya 4K bado itakuwa safi baada ya kukatwa, ilhali ile ya 1080 itaanza kufifia. Sauti ichukuliwe na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Vifaranga 300 hupiga kelele kuliko unavyodhani.

Halafu kuna ridhaa. Andika karatasi moja inayosema kwamba mahojiano yatatumika kama video ndefu, vipande, sauti na maandishi yatakayouzwa, na itaje mzungumzaji atalipwa nini. Sisi tulikubaliana apewe sehemu ya mauzo ya kijitabu, akaisaini kabla ya kuanza. Mtu aliyekubali “video ya YouTube” hajakubali sauti yake iuzwe, na mgogoro wa aina hii huibuka pale kazi inapoanza kuingiza fedha.

Kuisoma rekodi kama ramani

Hatua inayofuata ndiyo inayokula muda mwingi, nami sishauri kuiruka. Isikilize rekodi yote ukiwa na daftari na uandike kila jambo pamoja na dakika yake. Usiandike neno kwa neno. Mstari mmoja kwa kila wazo unatosha. Rekodi yetu ilitoa mistari 38. Kisha kila mstari uulize maswali mawili: nani hasa anahitaji jambo hili, na analipokea vizuri zaidi kwa kuona, kwa kusikia au kwa kusoma?

Swali la pili lina jibu jepesi kuliko linavyoonekana. Jambo linaloonekana liende kwenye kipande cha video. Vifaranga waliorundikana chini ya joto, vifaranga waliokimbilia pembeni wakihema midomo wazi, na vifaranga waliotawanyika sawasawa wakila: picha hizo tatu zinafundisha usomaji wa joto la bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, kuliko maelezo yoyote. Jambo lenye vipimo na tarehe liende kwenye maandishi, kwa sababu hakuna anayekumbuka kutoka kwenye video kwamba joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35 na kwamba hupunguzwa takriban nyuzi tatu kila wiki. Mkasa na ushauri wenye mzunguko, kwa mfano jinsi mama huyu alivyopoteza kundi lake la kwanza kwa ugonjwa wa Gumboro, huenda vizuri kwenye sauti, kwa mtu anayesikiliza huku akifagia banda.

Swali la kwanza lilituonyesha kitu ambacho sikukitarajia. Nilidhani hadhira ni moja, yaani wafugaji. Mistari ilipopangwa zikatoka hadhira nne. Kuna anayeanza na vifaranga 50 au 100. Kuna mwenye kuku wa kienyeji wanaojitafutia, ambaye shida yake ni ugonjwa wa kideri tu. Kuna muuza pembejeo anayetaka wateja wa mtaa wake. Na kuna Mtanzania aliyeko Maskati au London, ambaye amemjengea ndugu yake banda na kila wiki anatuma fedha bila kujua zinafanya nini. Kuanzia dakika ya 31 hadi ya 37 mama alieleza namna anavyoandika vifo, chakula na chanjo kwenye daftari. Kwa vipande vya TikTok sehemu hiyo haina maisha kabisa. Kwa huyu wa Maskati ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Video ndefu na vipande vyake

Video ndefu hukaa YouTube ikiwa nzima, kwa sababu huko watu hutafuta kwa maneno, na mtu atakayeandika “jinsi ya kulea vifaranga” mwaka ujao bado ataikuta. Weka orodha ya sura kwenye maelezo yake. Sura ya kwanza lazima ianze na 00:00, ziwe angalau tatu, na kila moja iwe na sekunde kumi au zaidi. Sharti moja likikosekana hazitokei. Majina ya sura yawe maneno ambayo mfugaji angeyaandika mwenyewe, kwa mfano “Vifaranga wanakufa wiki ya kwanza”, badala ya “Changamoto”.

Kutoka kwenye mistari 38 tulichagua vipande tisa tu. Kipande kizuri kinajibu swali moja na kulimaliza. Ile tabia ya kukata katikati na kuandika “itaendelea” huleta wafuasi wenye hasira, na wenye hasira hawanunui. Cha kumfanya mtu aje kwako ni swali jipya linalozaliwa baada ya jibu: ameshajua kwamba vifaranga wake wana baridi, sasa anataka kujua jiko lipi na liwekwe wapi.

Kwa wanaotumia kompyuta, programu ya ffmpeg hukata kipande na kukigeuza kuwa cha wima kwa amri moja:

```
ffmpeg -ss 00:12:40 -to 00:13:25 -i banda.mp4 \
 -vf "crop=ih*9/16:ih,scale=1080:1920" \
 -c:a copy kipande03.mp4
```

Amri hii huchukua katikati ya picha. Ikiwa mzungumzaji yuko kushoto, andika `crop=ih*9/16:ih:600:0`, ambapo 600 ni umbali kutoka ukingo wa kushoto. Ongeza au punguza mpaka akae sawa. Anayetumia simu atafanya hayohayo kwa CapCut.

Kipande kihifadhiwe kikiwa safi, bila muziki wala nembo ya jukwaa lolote, kisha kila jukwaa lipewe nakala yake kutoka kwenye faili hilo. Ukipakua kutoka TikTok video yenye nembo yake na kuipeleka Instagram, hutapendekezwa kwa watu wapya. Instagram ilitangaza hivyo mwaka 2021. Muziki nao una mtego wake, kwa kuwa wimbo ulioruhusiwa ndani ya TikTok haujaruhusiwa YouTube, na video yako inaweza kudaiwa na mwenye haki. Maandishi yaliyo chini ya picha yakae juu kidogo ya kawaida, kwani robo ya chini ya skrini hufunikwa na jina la akaunti na vitufe.

Sasa nieleze kosa letu. Kipande cha nne kilikuwa na sekunde 38, na mama alisema, “Chanjo ya kideri nawapa siku ya saba kwenye maji.” Sentensi iliyofuata, ambayo niliikata ili kipande kiwe kifupi, ilieleza kwamba maji hayo yasiwe ya bomba yenye dawa, kwa sababu klorini huua chanjo iliyo hai. Kipande kilitazamwa kuliko vyote. Ndani ya siku mbili wafugaji watatu walipiga simu wakisema wamechanja kwa maji ya bomba, wakauliza kama warudie. Tulikifuta, tukakirudisha kikiwa na sekunde 52. Tangu hapo kila kipande humpelekea mzungumzaji mwenyewe akisikilize kabla hakijatoka, nikimuuliza jambo moja: mtu akisikia hiki tu na asisikie kingine, atakosea wapi? Kwa mada za dawa, chanjo, sheria au fedha, hatua hii haina mbadala.

Sauti ya WhatsApp

Video ya dakika 42 hula bando, na watu wengi wa vijijini hawatoifungua. Sauti yake peke yake ni jambo jingine. Amri hii huitoa kwa ukubwa unaopitika:

```
ffmpeg -i banda.mp4 -vn -ac 1 -b:a 48k sauti.mp3
```

Kwa kiwango hicho dakika moja ni takriban kilobaiti 360, hivyo rekodi nzima ni kama megabaiti 15. Tuliigawa mara nne, kila sehemu dakika kumi hivi, na kuondoa maneno kama “kama mnavyoona hapa”, ambayo humwacha msikilizaji gizani. Mahali pa maneno hayo niliingiza sauti yangu nikieleza kinachoonekana. Sehemu hizi hutolewa bure, moja kila Jumatatu, kwenye chaneli ya WhatsApp. Kazi yake ni kumfanya mtu akuzoee. Bei hutajwa mwishoni kwa sentensi moja, basi.

Vitu vinavyouzwa

Cha kwanza ni kijitabu cha kurasa 14 kwa shilingi 5,000, kwa ajili ya anayeanza. Ndani yake mna yale tu ambayo video haiwezi kuyabeba: jedwali la joto kwa wiki, ratiba ya chanjo yenye nafasi ya kuandika tarehe zako, orodha ya vitu vya kuandaa kabla ya vifaranga kufika, na ukurasa mmoja wa “ukiona hivi, fanya hivi”. Usijaribu kuuza maneno ya mahojiano yaliyonakiliwa. Mtu aliyeyasikia bure atajiona ametapeliwa. Ratiba ya chanjo tulimpa daktari wa mifugo wa wilaya aipitie, kwa kuwa kinachomfaa mama wa Kibaha huenda kisilingane na magonjwa ya mahali pengine.

Kijitabu cha PDF husambazwa kwenye makundi. Hilo likubali tangu mwanzo. Kinachosaidia kidogo ni kuandika jina la mnunuzi na tarakimu nne za mwisho za simu yake chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia. Kinachosaidia zaidi ni kuwa na kitu cha pili kisichonakilika.

Nacho ni kundi la WhatsApp la wiki nne, shilingi 20,000 kwa mtu, linaloanza siku wanachama wanapopokea vifaranga. Kila jioni mtu hutuma picha ya bruda yake, na mama huijibu kwa sauti. Kikomo kiwe watu 40, maana wakizidi hapo majibu huchelewa, na kifaranga mwenye baridi hangoji asubuhi. Wakijaa 40 ni shilingi 800,000, ambazo sisi tuligawana nusu kwa nusu, kwa vile kazi ya kujibu ni yake.

Cha tatu ni cha mwenye banda aliye ng'ambo: fomu ya ukaguzi ya ukurasa mmoja kwa wiki, ambayo ndugu aliye bandani huijaza na kuipiga picha. Ina idadi ya waliokufa, mifuko ya chakula iliyofunguliwa, chanjo iliyotolewa pamoja na picha ya kichupa chake, na uzito wa kuku kumi waliokamatwa bila kuchaguliwa. Imetokana na zile dakika sita zisizofaa kwa TikTok, na huuzwa shilingi 30,000 pamoja na maelezo ya sauti ya namna ya kuisoma. Mnunuzi hulipa kwa huduma za kutuma fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye simu. Wanunuzi ni wachache sana, lakini hawaombi punguzo.

Muuza pembejeo mfuate ukiwa na ushahidi wa mtaa wake, si wa dunia. Hajali umetazamwa mara ngapi. Anajali ni watu wangapi wa Kibaha, Mlandizi au Chalinze waliokuandikia mwezi huu. Ukimwonyesha idadi hiyo, mnakubaliana jina la duka lake litajwe kwenye sehemu mbili za sauti. Msikilizaji aambiwe wazi kwamba ni tangazo, na usikubali kumtajia dawa ambayo mzungumzaji wako haitumii.

Njia ya kujua nani katoka wapi

Bila hatua hii utabaki ukikisia. Kila jukwaa lipewe neno lake la siri ambalo mteja hulituma anapoandika mara ya kwanza. Kiungo cha WhatsApp hulijaza neno hilo chenyewe:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=KUKU%20Y
```

Herufi Y ni ya YouTube. T, F na S ni za TikTok, Facebook na sauti. Akaunti changa ya TikTok mara nyingi hairuhusiwi kuweka kiungo kinachobofyeka kwenye wasifu, kwa hiyo huko andika namba na neno “KUKU T” kwenye picha yenyewe, sekunde tano za mwisho. Kwenye Shorts, yaani video fupi za YouTube, viungo vya maelezo na vya maoni havibofyeki tangu Agosti 2023. Tumia sehemu ya Related video umpeleke mtazamaji kwenye video ndefu, ambayo kiungo chake cha maelezo hufanya kazi pale chaneli ikishapata ruhusa ya viungo.

Vipande visitoke siku moja. Sisi huanza na video ndefu, kisha vipande viwili kwa wiki, TikTok kwanza na Shorts siku inayofuata, huku Facebook ikipata kipande kikiwa na aya mbili za maandishi ndani ya kundi la wafugaji ambalo msimamizi wake ameombwa ruhusa. Ukimwaga viungo kwenye makundi kumi bila salamu, utatolewa kumi.

Kila kitu huandikwa kwenye daftari lenye safu nne: tarehe, neno lililotumwa, alichonunua, kiasi. Baada ya wiki sita linganisha. Usishangae ukikuta TikTok imeleta watu wengi waliouliza bei wakanyamaza, na YouTube imeleta wachache walionunua. Aliyetafuta kwa maneno tayari ana vifaranga ndani. Jukwaa lenye maswali mengi na mauzo sifuri usiliache haraka. Kwanza soma maswali yenyewe. Yetu ya TikTok yalikuwa ya watu wenye kuku wa kienyeji wanaojitafutia, ambao kijitabu cha bruda hakiwahusu. Tuliwatengenezea karatasi ya kurasa mbili ya kideri kwa shilingi 1,000: dalili zake, chanjo ya matone ya jicho inayorudiwa kila miezi mitatu, na namna majirani wanavyoweza kuchangia kichupa kimoja ili kisimwagwe. Maneno yake yote yalikuwa tayari kwenye rekodi, kati ya dakika ya 22 na ya 26.

Mambo ya serikali na ya benki

Mapato haya ni ya biashara, hivyo fungua lipa namba ili kumbukumbu zake zitengane na fedha za nyumbani. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 2023 malipo ya maudhui ya mtandaoni hukatwa asilimia 5 kwa mkazi. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA; anayegusa habari na matukio aulize leseni kabla ya kuanza. Chaneli yako ikifikia malipo ya YouTube, jaza mapema fomu ya kodi ya Marekani iliyo ndani ya akaunti ya AdSense, ambayo Google hukulipia mapato hayo, kwa sababu asiyeijaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, wakati aliyeijaza hukatwa kwenye sehemu inayotokana na watazamaji walioko Marekani tu.

Wiki ya saba rudi kwenye ile mistari 38. Kwetu ilibaki 11 isiyotumika, na tulipoilinganisha na maswali ya kundi tuliona kwamba sita kati yake inahusu chakula cha kujichanganyia, ambacho mama alikigusa juujuu bila vipimo. Hapo ndipo mahojiano ya pili yalipopata mada yake, na safari hiyo tulikwenda na mizani.